Dau dogo, mkono mwepesi: saa moja ya sloti hugharimu kiasi gani

Watu wawili wanacheza kamari usiku mmoja. Wa kwanza yuko kasino, amesimama kwenye meza ya ruleti, na kila gurudumu linapozungushwa anaweka shilingi 2,000. Wa pili yuko chumbani kwake na simu mkononi, anacheza sloti, na kila anapobonyeza kitufe anaweka shilingi 200. Ukiwauliza majirani ni nani kati yao anayejiumiza zaidi, wengi watamtaja wa ruleti, kwa kuwa dau lake ni mara kumi ya dau la mwenzake. Lakini ukiketi na kalamu unapata jibu jingine. Kwa wastani, wa ruleti anapoteza kama shilingi 2,160 kwa saa. Wa simu anapoteza 5,760.

Tofauti hiyo haitokani na bahati wala na ujanja wa mtu. Inatokana na vitu vitatu vinavyozidishwa pamoja: idadi ya mizunguko kwa saa, ukubwa wa dau, na sehemu ya kila dau ambayo mchezo umepangwa kubaki nayo. Hiyo sehemu ya tatu nitaiita faida ya kasino, hata pale ambapo kasino yenyewe ni programu ndani ya simu. Kanuni yenyewe ni hii:

Hasara inayotarajiwa kwa saa = mizunguko kwa saa × dau × faida ya kasino

Mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya hesabu hii. Ugumu uko katika kupata nambari tatu zilizo sahihi za kuingiza ndani yake, na hapo ndipo wachezaji wengi hujidanganya bila kujua. Kila mtu hulijua dau lake. Wachache huijua faida ya kasino. Kasi, karibu hakuna anayeihesabu, nayo ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi.

Tuanze na ruleti, kwa sababu pale kila kitu kiko wazi mezani. Gurudumu la Kizungu lina nafasi 37: nambari 1 hadi 36, na sifuri moja. Ukiweka dau kwenye nambari moja nayo ikatoka, unalipwa mara 35 ya dau, na dau lako unarudishiwa, jumla mara 36. Sasa tuseme umeweka shilingi 1,000 kwenye kila nambari, zote 37. Umetoa 37,000. Mpira lazima uangukie mahali fulani, kwa hiyo unalipwa 36,000, na 1,000 imebaki kwa kasino. Moja ya thelathini na saba ni asilimia 2.7. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, nafasi 38, na malipo ni yaleyale, kwa hiyo kasino inabaki na 2 kati ya 38, yaani asilimia 5.26. Ukibeti kwenye rangi, au kwenye nambari shufwa na witiri, asilimia haibadiliki, kwa sababu sifuri haihesabiwi upande wowote kati ya hizo.

Mezani mambo huenda polepole. Watu wanaweka chipsi, mhudumu anazungusha, mpira unachukua muda kutulia, halafu washindi wanalipwa mmoja mmoja. Mizunguko 40 kwa saa ni kadirio la haki. Mara 40 kwa shilingi 2,000 ni shilingi 80,000 zilizowekwa mezani kwa saa nzima, na moja ya thelathini na saba ya hizo ni 2,162.

Sloti haina meza wala mhudumu. Pia haina kitu unachoweza kukitazama ukajua uwezekano wa kushinda. Zamani, mashine zilipokuwa za chuma na springi, mtu mvumilivu angeweza kuhesabu picha kwenye kila gurudumu akakadiria. Mwaka 1984 mhandisi Inge Telnaes alipata hataza Marekani ya mfumo unaoiachia kompyuta ichague nambari kwanza, kisha magurudumu yasimame mahali panapolingana na nambari hiyo. Picha ya zawadi kubwa inaweza kuonekana mara moja kati ya picha 22 kwenye gurudumu, huku kompyuta ikiichagua kwa nadra zaidi ya hapo. Tangu wakati huo macho hayasaidii kitu. Mchezaji anapoona zawadi kubwa imesimama hatua moja juu ya mstari, haimaanishi kwamba alikaribia kuipata.

Kwa hiyo kwenye sloti unaitegemea nambari ambayo mtengenezaji mwenyewe ameitangaza. Fungua mchezo kwenye simu, bonyeza alama ya maelezo, teremka hadi mwisho wa sheria za mchezo, utafute herufi RTP. Mbele yake kuna asilimia, kwa mfano 96. Hiyo ni sehemu ya madau yote ambayo mchezo umepangwa kuwarudishia wachezaji kwa muda mrefu. Toa kutoka 100 na kinachobaki, hapa 4, ndiyo faida ya kasino.

Isome nambari hiyo kwenye mchezo uleule unaoucheza, katika kampuni ileile unayoichezea. Watengenezaji wengi hutoa mchezo mmoja katika matoleo kadhaa yenye RTP tofauti, na kampuni inayouweka kwenye tovuti yake huchagua toleo. Picha ni zilezile, muziki ni uleule, jina ni lilelile, lakini huku faida ni asilimia 4 na kule ni 8. Asilimia uliyoisikia kwa rafiki anayecheza kwenye kampuni nyingine haikufai. Na kama mchezo una zawadi kuu inayokua kila siku, soma kama RTP imeijumuisha. Ikiwa imejumuishwa, marejesho ya mtu wa kawaida ambaye hataipata zawadi hiyo ni madogo kuliko yanavyoonekana.

Mashine za mtaani, zile za kutumbukiza sarafu ambazo Tanzania wengi wanaziita dubwi, ni shida zaidi. Ikiwa asilimia haikuandikwa popote, kanuni yetu imekosa mguu mmoja. Kuikadiria kwa kutazama taa zinavyozunguka kwenye matunda hakuwezekani, kwa sababu ileile ya Telnaes: taa inasimama pale kompyuta ilipoamua. Mimi ningeihesabu mashine isiyotaja asilimia yake kuwa ghali kuliko inayoitaja, mpaka mwenye mashine athibitishe vinginevyo.

Sasa dau. Hapa kosa la kawaida ni kusoma nambari isiyo yenyewe. Sloti nyingi huonyesha thamani ya sarafu na idadi ya mistari. Sarafu ya shilingi 10 inaonekana si kitu, lakini mistari ikiwa 20, kila mzunguko unakula 200. Nambari ya kuingiza kwenye kanuni ni ile inayotoka kwenye salio lako unapobonyeza mara moja, na njia ya uhakika ni kutazama salio kabla na baada ya mzunguko usioshinda kitu.

Ipo pia kitufe cha kununua raundi ya ziada, ambayo mara nyingi huuzwa kwa mara 100 ya dau. Kwa dau la 200, mbonyezo mmoja wa kitufe hicho ni shilingi 20,000. Kwa faida ya asilimia 4 gharama yake ya wastani ni 800, sawa na mizunguko 100 ya kawaida iliyobanwa kwenye sekunde chache. Anayekinunua mara tatu kwa saa ameongeza 2,400 kwenye hesabu yake huku akiendelea kusema kwamba anacheza kwa mia mbili mia mbili.

Halafu kasi. Usiikadirie kichwani. Weka saa ya simu nyingine dakika tano, cheza kama unavyocheza siku zote, hesabu mizunguko uliyoilipia, kisha zidisha kwa 12. Mizunguko ya bure inayotolewa na mchezo usiihesabu, kwa sababu haitoi dau jipya kwenye salio, na ushindi wake tayari umo ndani ya RTP. Kama kampuni inakuonyesha historia ya mchezo, ni bora zaidi, kwa kuwa kila dau limeandikwa pamoja na wakati wake.

Mtu anayebonyeza mwenyewe bila haraka huchukua kama sekunde tano kwa mzunguko. Ni mizunguko 12 kwa dakika, 720 kwa saa. Akiwasha hali ya kasi, ile inayokatisha michoro ya magurudumu, anaweza kushuka hadi sekunde tatu, na hiyo ni mizunguko 1,200 kwa saa. Hakuna kilichobadilika kwenye dau wala kwenye uwezekano wa kushinda. Kilichobadilika ni kwamba mchezo wa saa moja na dakika arobaini sasa umetoshea ndani ya saa moja.

Basi turudi kwa yule wa chumbani tuifanye hesabu yake nzima. Mizunguko 720, dau 200, faida asilimia 4. Kwanza, 720 mara 200 ni shilingi 144,000. Hizo ndizo fedha zote alizozungusha kwa saa moja. Asilimia 4 ya 144,000 ni 5,760. Akiwasha hali ya kasi, ni 1,200 mara 200, yaani 240,000, na asilimia 4 yake ni 9,600. Akihamia kampuni yenye toleo la RTP 92, faida inakuwa 8, na gharama inafika 19,200 kwa saa. Dau bado ni mia mbili. Gharama imepanda zaidi ya mara tatu, na kwenye kioo cha simu hakuna kilichomtahadharisha.

Ile 144,000 inahitaji maelezo, maana hapa ndipo watu wenye akili zao hupinga. Kijana atakwambia: mimi niliingia na elfu kumi tu, hiyo laki moja na arobaini na nne nimeitoa wapi? Ameitoa kwenye ushindi wake mwenyewe. Kila mzunguko unaporudisha kitu, kile kilichorudi huingia kwenye salio na kuwekwa tena. Elfu kumi ikipita mchezoni mara moja yote, kwa wastani inatoka 9,600. Hiyo 9,600 ikipita tena, inatoka 9,216. Ikipita mara kumi imebaki kama 6,650, na ikipita mara kumi na saba nusu yake imekwenda. Ukijumlisha madau yote yatakayowekwa mpaka elfu kumi iishe kabisa, wastani wake ni shilingi 250,000, na asilimia 4 ya 250,000 ni elfu kumi kamili.

RTP ya 96, kwa hiyo, haisemi kwamba ukiingia na 10,000 utatoka na 9,600. Inasema hivyo kuhusu mzunguko mmoja mmoja. Nimewasikia watu wazima, wenye biashara zao na daftari za hesabu, wakieleza kwamba sloti "inakata asilimia nne tu" kama vile ni makato ya kutuma fedha. Makato ya kutuma fedha hukatwa mara moja kwa muamala. Haya hukatwa mara 720 kwa saa.

Kuna sababu nyingine inayofanya mchezaji asiyahisi makato hayo. Kwenye sloti yenye mistari 20, mara nyingi unaweka 200 na mashine inakulipa 80, huku taa zikiwaka na muziki ukipigwa. Umepoteza 120, lakini umesherehekewa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, akiwemo Mike Dixon, walipima jinsi ngozi za wachezaji zinavyobadilika kwa msisimko, wakaona kwamba hasara za namna hii huamsha mwili kwa namna inayofanana na ushindi wa kweli kuliko hasara ya kawaida. Anayejikadiria kwa kukumbuka ni mara ngapi mashine ililia atapata picha nzuri kuliko ukweli. Salio ndilo linalosema kweli.

Kanuni hii si ya daftari la mchezaji peke yake. Uingereza iliingia bungeni, na ilimng'oa waziri. Kwenye maduka ya kubeti ya huko kuliwekwa mashine zenye ruleti ya kioo, nne kwa kila duka, ambapo mtu aliruhusiwa kuweka hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja, na mizunguko ilitenganishwa na sekunde 20. Sekunde 20 ni mizunguko 180 kwa saa. Zidisha kwa pauni 100, kisha chukua moja ya thelathini na saba, unapata pauni 486 kwa saa. Faida ya kasino ilikuwa ileile ndogo ya ruleti ya Kizungu, asilimia 2.7. Kwa mtu aliyecheza kwa dau la juu kabisa, hiyo asilimia ndogo ilikuwa mshahara wa wiki unaoyeyuka ndani ya saa moja, dukani, mchana kweupe.

Mwezi Mei 2018 serikali ilitangaza kwamba dau la juu litashushwa hadi pauni 2. Ilipoonekana kwamba utekelezaji utasogezwa hadi Oktoba 2019, waziri wa michezo, Tracey Crouch, alijiuzulu tarehe 1 Novemba 2018 kupinga ucheleweshaji huo. Serikali ikarudi nyuma, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2019. Irudie hesabu: 180 mara 2 ni 360, na moja ya thelathini na saba ya hizo ni pauni 9.73. Kutoka 486 hadi chini ya 10, kwa kugusa nambari moja kati ya tatu.

Sloti za mtandaoni zilibaki, na huko kasi ndiyo iliyoguswa kwanza. Tangu Oktoba 2021 mzunguko mmoja wa sloti ya mtandaoni Uingereza haukubaliwi kuwa mfupi kuliko sekunde 2.5, na kitufe cha kuuacha mchezo ujichezee wenyewe kimepigwa marufuku. Sekunde 2.5 bado ni mizunguko 1,440 kwa saa, ambayo ni mingi sana. Mwaka 2025 wakaongeza kikomo cha dau: pauni 5 kwa wenye umri wa miaka 25 na zaidi kuanzia Aprili, na pauni 2 kwa wenye miaka 18 hadi 24 kuanzia Mei. Kwa mchezo wenye faida ya asilimia 4, kijana wa miaka 20 anayekwenda kwa kasi ya juu kabisa na dau la juu kabisa atapoteza kwa wastani pauni 115 kwa saa, na mwenye miaka 30 atapoteza 288. Linganisha hizo na 9.73 ya mashine ya ruleti baada ya 2019. Dau la pauni 2 ni lilelile. Kasi ni mara nane, na faida ya kasino imezidi kidogo, na vitu hivyo viwili vimeifikisha gharama karibu mara kumi na mbili.

Australia ilifika kwenye jibu la namna hiyohiyo kwa njia yake. Tume ya Tija ya nchi hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2010, ilipendekeza dau la juu kwenye mashine liwe dola moja kwa mbonyezo, kutoka kikomo cha dola 10 kilichokuwepo baadhi ya sehemu. Mzunguko wa sekunde tatu ni mizunguko 1,200 kwa saa. Kwa dola 10 na faida ya asilimia 10 ni dola 1,200 kwa saa, na kwa dola moja ni 120.

Hadi hapa nimesema "kwa wastani" mara nyingi, na neno hilo limebeba mzigo. Mchezaji atakayecheza saa moja leo hatapoteza 5,760. Anaweza kupoteza 30,000 au kuondoka na faida ya 40,000. Anayekwambia "nimehesabu, kanuni yako si kweli, jana nilishinda" hasemi uongo kuhusu jana yake. Ili kujua wastani unaanza kuonekana lini, inabidi tupime jinsi matokeo yanavyotawanyika.

Chukua sloti ambayo kila mzunguko hutawanyika kwa kipimo cha dau 6. Kipimo hicho wanatakwimu hukiita mkengeuko sanifu, na kwa mchezo wenye zawadi za wastani si cha kupita kiasi. Mtawanyiko haukui kwa idadi ya mizunguko. Unakua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Kwa mizunguko 720 kipeuo cha pili ni karibu 27, mara 6 ni dau 161, mara shilingi 200 ni kama 32,000. Kwa saa moja, basi, hasara ya wastani ni 5,760 na mtawanyiko ni 32,000 kila upande. Makato ya kasino yamefichwa kabisa ndani ya kelele ya bahati. Ndiyo maana saa moja, au jioni moja, haikufundishi lolote kuhusu mchezo.

Mtu anayecheza saa moja kila siku kwa mwezi amezungusha mara 21,600. Hasara ya wastani imekuwa 172,800. Mtawanyiko umekua pia, lakini haukukua mara thelathini. Umefika kama 176,000. Sasa viwili hivyo vinalingana, na kwa mlingano huo karibu mtu mmoja kati ya sita atamaliza mwezi akiwa na faida. Nadhani hili ni la kulikumbuka kuliko mengine yote katika makala haya. Kwenye kijiwe cha vijana sita wanaocheza kila siku, tegemea mmoja awe mbele mwisho wa mwezi bila ujuzi wowote, na huyo ndiye atakayesikika. Ataeleza saa nzuri ya kucheza, na mashine iliyokuwa "imeshiba". Wale watano watanyamaza, au watamwuliza siri yake.

Endelea hadi mwaka mzima. Wastani wa hasara ni milioni 2.1, na mtawanyiko ni kama laki sita. Wastani sasa ni zaidi ya mara tatu ya mtawanyiko, na nafasi ya kumaliza mwaka ukiwa na faida imekwisha kabisa, au karibu kabisa. Hasara hukua kwa saa unazocheza na bahati hukua kwa kipeuo chake cha pili, kwa hiyo hasara lazima iipite bahati, na kinachotofautiana kati ya mchezaji na mchezaji ni siku tu. Anayecheza kwa kasi anaifikia siku hiyo mapema.

Michezo yenye zawadi kubwa na za nadra hutawanyika zaidi ya dau 6, na hapo mwezi haukutoshi kuona kitu. Umbo la matokeo nalo haliko sawasawa: saa nyingi huishia na hasara, na wastani huinuliwa na saa chache zenye ushindi mkubwa. Kwa yule aliyeingia na 10,000 hilo lina maana ya moja kwa moja. Nimesema kwamba fedha zake zitazunguka kwa wastani 250,000 kabla hazijaisha, yaani mizunguko 1,250, saa moja na dakika 44. Lakini wastani huo umevutwa na wachache waliopata ushindi mkubwa wakaendelea usiku kucha. Wengi wa wenzao watakuwa wameishiwa kabla ya saa moja kwisha, na hapo kanuni ya kwa saa huhesabu mizunguko ambayo hawakuicheza. Wakiongeza salio, hesabu inarudi palepale.

Namna ya kulipima haya yote dhidi ya maisha halisi ni kufungua ujumbe wa miamala ya simu wa mwezi mmoja, ukajumlisha ulichokiweka kwenye kampuni na kutoa ulichokitoa. Hiyo ndiyo hasara yako ya kweli, kabla ya makato ya mtandao na kodi kama ipo. Kisha fungua historia ya mchezo uone jumla ya madau yote uliyoweka.

Tuseme mtu anaamini kwamba anacheza nusu saa kwa siku kwa dau la 200. Kwa kanuni, mizunguko 360 kwa siku, siku 30, ni shilingi 2,160,000 zilizozungushwa, na hasara ya wastani ni 86,400. Miamala yake inaonyesha amepoteza 310,000. Anaweza kusema kwamba mwezi ulikuwa mbaya. Halafu anafungua historia na kukuta jumla ya madau ni milioni 6, karibu mara tatu ya alivyodhani. Nusu saa ilikuwa saa nzima mara nyingi, na dau lilipandishwa hadi 400 au 500 kila alipotaka kurudisha kilichopotea. Hapo hakuna haja ya kukadiria kasi, muda wala dau, kwa sababu jumla ya madau tayari imevizidisha vyote. Asilimia 4 ya milioni 6 ni 240,000. Katika ile 310,000 aliyopoteza, 70,000 ndiyo bahati mbaya, na mwezi ujao inaweza kugeuka kuwa nzuri. Ile 240,000 ni bei ya mchezo, na kwa milioni 6 nyingine atatozwa tena.